Kukata kwa maji au kufyonza vumbi: upi unafaa kwa zege na mawe

Fundi mwenye grenda na kazi ya kukata zege ana njia mbili za kulizuia vumbi kabla halijamfikia puani. Moja ni kumwagia maji pale disiki inapoingia. Nyingine ni kulifunika disiki kwa kifuniko chenye mpira wa kifyonza vumbi, ili vumbi livutwe likiwa bado linatoka. Wengi huuliza ipi ni bora, kana kwamba kuna jibu moja. Mimi huuliza kwanza vumbi la kazi hii linatokea wapi. Likitokea mahali ambapo kifuniko kinaweza kukaa bapa bila pengo, fyonza. Likitokea upande wa pili wa jiwe, au likirushwa hewani kabla kifuniko hakijalipata, tumia maji.

Kabla ya kulinganisha, inafaa kujua tunapigana na kitu gani, maana ndicho kinachoamua kiasi gani cha vumbi kinavumilika.

Chembe zisizoonekana

Silika iliyo katika umbo la fuwele, ambayo kwa kawaida ni kwatzi, imejaa katika vifaa vya ujenzi. Jiwe la mchanga huwa na zaidi ya asilimia 70. Zege na udongo wa saruji wa kuungia matofali ni kati ya asilimia 25 na 70, kutegemea mchanga na kokoto zilizotumika. Graniti hufika kama asilimia 30. Marumaru na mawe ya chokaa ni kidogo sana, kama asilimia 2. Mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya meza za jikoni yanaweza kupita asilimia 90, ndiyo maana Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana waliokuwa wakiyakata kuugua ndani ya miaka michache.

Disiki ya almasi haikati kama kisu. Inasaga. Sehemu kubwa ya unga wake ni mzito, nao huanguka miguuni. Sehemu ndogo ni chembe za chini ya mikromita 10, na zile za mikromita 4 kwenda chini hupenya mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo chembe hizo hazionekani kwa jicho. Pia hazina haraka ya kutua. Chembe ya kwatzi yenye upana wa mikromita 2, ikiwa katika hewa iliyotulia kwa urefu wa pua ya mtu, huchukua zaidi ya saa nzima kufika chini. Ya mikromita 1 huchukua saa kadhaa. Anayesema vumbi limetua baada ya dakika 10 anazungumzia lile vumbi zito ambalo halikuwa na shida kubwa tangu mwanzo.

Chembe ikifika ndani ya kifuko cha hewa, seli mlaji huja kuimeza, kama inavyomeza kijidudu. Kijidudu huyeyushwa. Kwatzi haiyeyuki. Inapasua kifuko cha ndani cha seli, seli inatoa ishara za uvimbe kisha inakufa, chembe inabaki huru, na seli nyingine inakuja kuimeza tena. Mzunguko huo huacha vinundu vya kovu ambavyo haviondoki. Kwatzi iliyopasuliwa muda huo huo ni kali zaidi kuliko ile ya zamani, kwa kuwa uso wake mpya bado una kemikali zenye hasira. Na disiki kazi yake ni kupasua kwatzi mpya kila sekunde.

Ugonjwa unaotokana na hayo, silikosisi, huja kwa kasi tatu. Wa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya vumbi la kiasi. Vumbi likiwa zito, miaka 5 hadi 10 inatosha. Likiwa zito kupita kiasi, mapafu yanaweza kujaa majimaji ndani ya wiki chache mpaka miaka michache tu. Katika handaki la Hawks Nest huko West Virginia, Marekani, lililoanza kuchimbwa mwaka 1930, wafanyakazi walitoboa kavu mwamba wenye silika nyingi, na mamia walikufa. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi.

Jambo moja humkosesha fundi tahadhari: mwanzoni hakuna maumivu. Anakuja kugundua kwamba ngazi alizokuwa akipanda bila kusimama sasa zinamtaka apumzike katikati, na eksirei tayari inaonyesha vinundu katika sehemu za juu za mapafu. Dawa ya kuondoa kovu haipo, na kovu linaweza kuendelea kukua hata baada ya kuacha kazi. Mwenye silika mapafuni pia hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kikohozi kisichopona kwa fundi wa mawe kisiishie kwenye dawa ya kifua tu; daktari aambiwe kwamba mtu huyu anakata mawe.

Maji yanavyofanya kazi, na yanavyoshindwa

Maji hufanya kazi kwa kuigusa chembe kabla haijaingia hewani. Ikishalowa inashikana na wenzake na kuwa tope. Ikishapaa, maji hayana nguvu tena, kwa sababu tone kubwa na chembe ndogo hupishana hewani bila kugusana. Kila kitu kingine kuhusu maji kinatokana na hilo.

Kwa msumeno wa mkono wa petroli, Uingereza inaelekeza angalau nusu lita ya maji kwa dakika, yakielekezwa kwenye disiki pande zote mbili. Kiasi hicho si kikubwa: tangi la kubana la lita 10 linakatisha kwa dakika 20. Shida kubwa kuliko kiasi ni mahali yanapoelekezwa. Niliwahi kumkuta kijana akikata mawe ya kingo huku mwenzake akimwagia maji kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Nilipomsimamisha akanijibu, "Mzee, si nakata na maji?" Maji yalikuwa yakitiririka juu ya jiwe, na disiki ilikuwa ikitafuna jiwe kavu sentimita tano chini yake. Kulowesha jiwe usiku uliotangulia ni kosa la aina hiyo hiyo. Maji hayapenyi hadi katikati ya zege, na disiki inafungua uso mkavu kila inapoendelea.

Dalili za kwamba maji hayatoshi zinaonekana wazi. Kukiwa na moshi mweupe unaofuata disiki, maji hayafiki. Tope linalotoka likiwa zito kama uji wa mtoto, ongeza maji mpaka litiririke. Kingo za mkato zikiwa na unga mkavu baada ya kumaliza, kuna upande wa disiki usiopata maji, na mara nyingi ni tundu moja la bomba lililoziba mchanga. Mashine za mezani zinazorudia maji yale yale zina mtego wake: maji yakishakuwa tope, disiki inarusha ukungu wenye silika ndani yake. Badilisha maji kabla hayajawa meupe.

Kuna hatari nyingine mbili za maji zisizohusu mapafu. Grenda ya umeme ambayo haikutengenezwa kwa maji haipaswi kumwagiwa maji hata kidogo. Ile iliyotengenezwa kwa ajili hiyo bado inahitaji swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Halafu tope la zege lina asili ya chokaa kali. Likikaa ndani ya buti kwa nusu siku huunguza ngozi, na mtu huona kidonda jioni wakati wa kuvua.

Kufyonza kunavyofanya kazi, na kunavyoshindwa

Kufyonza kunadai vitu vitatu kwa pamoja: kifuniko kinachozunguka disiki, mpira usiovuja, na mashine yenye pumzi ya kutosha. Kimoja kikikosekana vingine havisaidii. Kanuni ya Marekani kwa grenda za mkono inataka futi za ujazo 25 za hewa kwa dakika kwa kila inchi ya kipenyo cha disiki. Kwa disiki ya milimita 125, yaani inchi 5, hiyo ni kama mita za ujazo 3.5 kwa dakika. Kifyonzeo cha nyumbani kinaweza kukaribia hapo kikiwa kipya na kitupu, lakini unga wa zege huziba kichujio ndani ya dakika chache, pumzi inashuka, na fundi hasikii tofauti kwa sababu grenda inapiga kelele. Zaidi ya hapo, vichujio vya nyumbani huachia chembe ndogo zipite, kwa hiyo mashine inakusanya vumbi zito na kupuliza lile baya upande wa nyuma. Unataka mashine ya daraja la M au H, yaani madaraja ya vifyonzeo vya vumbi hatari, na iwe na namna ya kukung'uta kichujio yenyewe au chombo cha kuzungusha hewa ili vumbi zito lianguke kabla ya kufika kwenye kichujio.

Kifuniko nacho kina tabia zake. Kinakamata vizuri pale tu kingo zake zinapogusa ukuta pande zote. Ukianza mkato, nusu ya kifuniko iko hewani. Ukifika pembeni mwa ukuta, vilevile. Ndiyo maana mwanzo na mwisho wa mkato hutoa vumbi kuliko katikati yote. Sogeza grenda kinyume na mzunguko wa disiki, ili vumbi lirushwe kuelekea kwenye mdomo wa mpira na siyo nje. Ukimaliza, usiinue grenda papo hapo. Rudi nyuma kidogo, acha mashine ifyonze kile kilichobaki ndani ya mkato, kisha ndipo uinue.

Kifuniko hakikusaidii pale disiki inapotokea upande wa pili. Disiki ya milimita 300 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kasi ya karibu mita 80 kwa sekunde. Inapotoboa jiwe la kingo, vumbi linatoka chini kwa nguvu hiyo, na hakuna mpira utakaolirudisha juu. Kwa sababu hiyo kanuni ya Marekani, kwa msumeno wa mkono wa kukata mawe na zege, inataja maji peke yake.

Kwa kazi ipi, njia ipi

| Kazi | Chaguo langu | Sababu |
|---|---|---|
| Mawe ya kingo na vigae vya njia, nje | Maji | Disiki inatokea upande wa pili, na tope halina pa kuharibu |
| Meza ya kukatia vigae na mawe | Maji | Mashine imejengewa bomba lake, maji yanafika mahali pake |
| Mifereji ya waya ukutani, ndani ya nyumba | Kufyonza | Kifuniko kinakaa bapa, na maji yanakutana na umeme |
| Kusaga sakafu ya zege | Kufyonza | Uso ni bapa muda wote, na tope lingeficha unachosaga |

Kuna chaguo la tatu ambalo husahaulika: kutokata. Mawe ya kingo yanaweza kupasuliwa kwa mashine ya kubana, ambayo hutoa vumbi kidogo sana. Mabomba ya waya yanaweza kuwekwa kabla zege halijamwagwa. Uamuzi huu hauko kwa mwenye grenda bali kwa mchoraji na msimamizi.

Chumba kimoja, hesabu yake

Tuchukue kazi ya mstari wa tatu, kwa sababu ndiyo inayodanganya watu. Chumba kina urefu wa mita 4, upana mita 3, kimo mita 2.5. Hewa iliyomo ni mita za ujazo 30. Fundi umeme anataka mifereji miwili ya waya, kila mmoja mita 1.25, na kila mfereji unahitaji mikato miwili sambamba kabla ya kutindua katikati. Jumla ni mita 5 za kukata, kina sentimita 2.5, upana wa mkato milimita 2.5.

Ujazo wa zege linalogeuka unga ni sentimita za ujazo 312, ambazo ni karibu gramu 700. Tukichukua kwatzi kuwa asilimia 30, fundi ametengeneza gramu 210 za unga wa silika kwa dakika kama 10.

Sasa angalia kipimo cha upande wa pili. Kikomo cha Marekani ni miligramu 0.05 za silika inayoweza kufika ndani ya mapafu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. (Uingereza inaruhusu miligramu 0.1.) Chumba kizima kikiwa kwenye kikomo hicho, ndani yake mna miligramu 1.5 tu. Gramu 210 ni mara 140,000 ya hizo.

Si unga wote ulio mdogo kiasi cha kufika mapafuni. Kwa ajili ya hesabu tuseme ni asilimia 1. Hiyo ni gramu 2.1. Kifyonza kizuri kikikamata asilimia 99 yake, zinabaki miligramu 21 chumbani, yaani miligramu 0.7 kwa kila mita ya ujazo, mara 14 ya kikomo. Fundi akikaa humo nusu saa kisha akatoka na kufanya kazi safi siku iliyobaki, wastani wake wa saa 8 unakuwa miligramu 0.044. Amepita kwa kubana. Akifanya vyumba viwili siku hiyo, amevuka.

Sasa kifuniko kiwe na pengo kwa sababu ukuta una lipu isiyo sawa, na ukamataji ushuke mpaka asilimia 90. Kwa macho, tofauti ni ndogo. Bado inaonekana mashine inafanya kazi nzuri. Lakini wastani wa siku kwa chumba kimoja unapanda mpaka miligramu 0.44, karibu mara 9 ya kikomo. Kutoka asilimia 99 kwenda 90 mtu husema imepungua kidogo, wakati kilichobaki hewani kimeongezeka mara kumi.

Hiyo ndiyo sababu ndani ya nyumba kufyonza hakutoshi peke yake. Kunaongezewa barakoa ya FFP3 au ya nusu uso yenye vichujio, iliyokaa sawa kwenye uso ulionyolewa. Ndevu za siku mbili zinatosha kuivujisha. Kitambaa na barakoa ya hospitali havihesabiki hapa. Na fundi akae peke yake chumbani: msaidizi anayefagia nyuma yake bila barakoa anavuta hewa ile ile.

Kwa nini basi si maji katika chumba hiki? Nusu lita kwa dakika kwa dakika 10 ni lita 5, ukutani na sakafuni, mahali penye masanduku ya swichi na waya wa grenda. Tope litashuka kwenye lipu na kukauka. Usiku likikauka, kesho yake asubuhi anayepita na fagio analirudisha hewani. Huko nje kwenye mawe ya kingo, lita hizo hizo zinaishia ardhini, na fundi mwenye msumeno wa maji asipozidisha saa 4 kwa siku, kanuni ya Marekani haimdai hata barakoa.

Kupima bila maabara

Kipimo kamili huhitaji pampu ndogo ya kifuani na maabara. Lakini kuna njia ya haraka ya kujua kama kifuniko kinavuja. Zima taa za chumba, funga mapazia, weka tochi kali nyuma ya eneo la kazi ikielekea upande wako, kisha simama pembeni kidogo ya mwanga huku mwenzako akikata. Chembe ambazo zilikuwa hazionekani zitang'aa kama moshi ndani ya mwali. Utaona kabisa pembe ipi ya kifuniko inavujisha, na utaona kama tundu la nyuma la kifyonza linapuliza. Sogeza tochi, rekebisha kifuniko, rudia. Usitazame tochi moja kwa moja.

Ukimaliza kazi, usifagie na wala usipulize kwa kompresa. Tope la nje likusanywe likiwa bado bichi. Mfuko wa kifyonza ufungwe mdomo ukiwa ungali ndani ya mashine, na anayeubadilisha awe bado amevaa barakoa yake, kwa kuwa gramu 700 za chumba kile sasa karibu zote zimo ndani ya mfuko huo.